Fedha za mkataba haramu: je, zinadaiwa mahakamani?

Mtu akimkabidhi mwenzake fedha kwa ajili ya jambo lililokatazwa na sheria, kisha jambo hilo lisifanyike, je, anaweza kwenda mahakamani kuzidai? Wengi hujibu haraka kuwa haiwezekani. Kwa zaidi ya miaka 200 majaji wa Uingereza, nchi ambayo misingi yetu ya sheria za mikataba ilichotwa kwake, nao walijibu karibu vivyo hivyo. Mwaka 2016 jibu lao lilibadilika. Kwetu Tanzania, jibu limejificha ndani ya neno moja la kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Chimbuko la msimamo wa kale ni shauri la mwaka 1775 la Holman dhidi ya Johnson, na lilihusu majani ya chai. Muuzaji aliyekuwa akiishi Dunkirk, Ufaransa, alimuuzia mteja chai huku akijua kuwa itaingizwa Uingereza kwa magendo. Mteja akachukua chai, akakataa kulipa. Jaji Mkuu Mansfield alieleza kwamba mahakama haitamsaidia mtu anayejenga madai yake juu ya tendo haramu. Alikiri pia kwamba kanuni hiyo humnufaisha mdaiwa ambaye naye si mwema, lakini akasema haikuwekwa kwa ajili yake. Imewekwa ili mahakama zisigeuzwe chombo cha wavunja sheria. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba muuzaji yule alishinda, kwa kuwa uuzaji ulikamilika Dunkirk na yeye hakushiriki katika magendo yenyewe.

Matokeo ya kanuni hiyo yalikuwa kwamba hasara hubaki pale ilipoangukia. Katika miaka ya 1920 kanali mmoja wa Uingereza alilitolea shirika la hisani paundi 3,000, baada ya kuahidiwa kuwa lingemfanyia mpango wa kupewa cheo cha heshima cha kifalme. Cheo hakikuja, fedha hazikurudi, na mahakama ilimfungia mlango.

Shauri lililoitikisa kanuni hiyo ni la Patel dhidi ya Mirza. Patel alimkabidhi Mirza paundi 620,000 ili azitumie kubashiri mwenendo wa bei ya hisa za benki ya Royal Bank of Scotland. Mirza alitarajia kupata mapema, kutoka kwa watu wake ndani ya benki, habari za tangazo la serikali ambalo lingeathiri bei hizo. Biashara ya hisa kwa kutumia taarifa za siri za namna hiyo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 52 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya Uingereza ya mwaka 1993, na kula njama ya kuifanya ni kosa pia.

Habari iliyosubiriwa haikufika. Hakuna ubashiri uliofanyika, wala hisa iliyoguswa, lakini Mirza hakurudisha fedha. Patel alipofungua madai, jaji wa kwanza aliyatupa kwa hoja kwamba ili aeleze kwa nini alitoa fedha, ilimlazimu aueleze mpango wa uhalifu. Tena, hakuwa amejitoa katika mpango huo kwa hiari yake; mpango ulikufa wenyewe.

Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na Julai 2016 majaji tisa wa Mahakama ya Juu wakaafiki kwa kauli moja kwamba Patel arudishiwe fedha zake. Umoja wao ulikuwa katika matokeo tu, kwani katika sababu walitofautiana vikali. Walio wengi walimfuata Jaji Toulson, aliyesema kuwa jambo la kutazama ni iwapo kuyaruhusu madai kutaudhuru umma kwa kuivuruga sheria na haki. Kwa hiyo mahakama ichunguze lengo la katazo lililovunjwa na kama kuyakataa madai kutalitimiza lengo hilo. Ichunguze kama kuna sera nyingine ya umma itakayoathirika. Kisha ipime kama kumnyima mdai haki yake ni adhabu inayolingana na kosa lake, ikikumbuka kuwa kuadhibu ni kazi ya mahakama za jinai.

Kwa Patel mizani ilielemea upande mmoja. Katazo lililenga kulinda soko la hisa, na soko halikuguswa. Kumwachia Mirza paundi 620,000 kusingemlinda mwekezaji yeyote. Zaidi ya yote, Patel hakudai faida ya ubashiri haramu. Aliomba kurudishwa pale alipokuwa kabla ya makubaliano. Kwa maoni ya mwandishi, tofauti hii ndiyo kiini cha hukumu. Angedai faida, mahakama ingekuwa inautekeleza mpango wa uhalifu.

Hukumu hiyo hata hivyo haizifungi mahakama za Tanzania; inaweza tu kuzishawishi. Sheria yetu ya Mikataba, iliyorithi maneno mengi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ina njia yake. Kifungu cha 23 kinayafanya kuwa batili makubaliano ambayo lengo au malipo yake yamekatazwa na sheria, ni ya ulaghai, au mahakama inayaona kuwa yanakwenda kinyume na maadili au sera ya umma. Kisha kifungu cha 65 kinasema kwamba makubaliano yakigundulika kuwa ni batili, au mkataba ukigeuka kuwa batili, aliyepokea manufaa sharti ayarudishe au alipe fidia.

Neno lenyewe ni hilo “yakigundulika”. Huwezi kugundua jambo ulilolijua tangu mwanzo. Katika shauri la Kuju Collieries la mwaka 1974, lililohusu ukodishaji wa mgodi uliokiuka kanuni, Mahakama Kuu kabisa ya India ilitumia kifungu cha 65 cha nchi hiyo, chenye maneno yale yale, ikaamua kwamba hakiwasaidii watu walioujua au waliopaswa kuujua uharamu siku walipokubaliana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Kariakoo analipa malipo ya awali Machi 2019 ili aletewe mifuko ya plastiki mwezi Julai. Katazo la mifuko hiyo lilianza Juni 1 mwaka huo. Mkataba ulikuwa halali, ukageuka batili, na fedha zake zinadaiwa. Lakini angeagiza mifuko hiyo Agosti, katazo likiwa limeshaanza, asingekuwa na cha kugundua, na muuzaji angekuwa na utetezi mzito.

Aliyetoa fedha ili ndugu yake apenyezwe katika ajira ya umma yuko pabaya zaidi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa mtoaji sawa na mpokeaji, hivyo hati ya madai yake ni kukiri kosa kwa maandishi. Aliyelazimishwa kutoa ana nafuu, kwani kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka aliyepokea malipo ya shuruti ayarudishe.

Majirani zetu wa Kenya wameliandika jibu wazi kuhusu ardhi ya kilimo. Mauzo yasiyopata idhini ya bodi ya ardhi ni batili, lakini kifungu cha 7 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, kinaruhusu mnunuzi kudai alicholipa kama deni. Akiendelea kulipa baada ya mauzo hayo kubatilika, kifungu cha 22 kinamhesabu kuwa mkosaji.