Dumu la Lita 20: Taswira Rejeshi katika Hotuba Kuu ya Dakika 30

Makala haya yanaeleza jinsi hotuba kuu ya dakika 30 inavyojengwa kwa sehemu tatu na taswira moja inayorejea kila hoja inapogeuka. Mfano ni hotuba ya kubuni kuhusu Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ikitolewa Kakoba, Mbarara, mbele ya washauri wa sera.

Taswira iliyochaguliwa ni dumu la maji la lita 20. Mkongo huliita bido, Mganda jerikani, Mtanzania dumu. Hata hivyo, foleni ya bombani huelewana. Kifaa hiki kinabeba dai lenyewe: lugha ya kuwaunganisha wakazi tayari ipo.

Dakika 2 ni za salamu na 2 za kulionyesha dumu bombani. Sehemu ya kwanza, ya dakika 8, inaeleza matumizi ya Kiswahili sokoni na kisimani. Katika mgeuko wa kwanza, mtoto anaweka dumu chini na kuingia darasani. Sehemu ya pili, dakika 8, inachambua pengo: tangu 2007 mtaala wa Uganda unaruhusu lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza hutawala, mtoto kutoka Kongo huenda asijue lugha yoyote kati ya hizo mbili. Katika mgeuko wa pili, dumu limejaa ila kifuniko kimekazwa. Sehemu ya tatu, dakika 6, inapendekeza walimu wasaidizi wanaozungumza Kiswahili. Dakika 4 za mwisho zinamtaja mwenye mamlaka ya kukifungua kifuniko.

Katika kila mgeuko sentensi mbili zinatosha, na dumu lazima liwe katika hali mpya. Likirudi jinsi lilivyokuwa, hugeuka kibwagizo. Kipimo ni rahisi: taswira ifutwe katika rasimu, iwapo viungo vya hoja havikulegea, ilikuwa pambo tu.

Wangari Maathai, alipopokea Tuzo ya Nobeli mjini Oslo tarehe 10 Desemba 2004, alihitimisha kwa kijito cha utotoni mwake kilichokauka. Taswira inayosubiri mwisho hufaa kuomboleza kilichopotea. Msikilizaji anayetakiwa kuamua huihitaji mapema, ili aone kizuizi kabla ya kuombwa akiondoe.

Hatari mbili zinabaki. Kwanza, itifaki ndefu hula dakika za sehemu ya tatu, ambayo ndiyo yenye ombi. Kwa hiyo mapunguzo yafanywe katika sehemu ya kwanza. Pili, dumu linaweza kuwageuza wakimbizi waliomo ukumbini kuwa maonyesho ya dhiki. Hilo huepukwa pale mchota maji anapooneshwa kama mjuzi wa lugha. Wasikilizaji wakitoka wakilikumbuka dumu bila kukumbuka ombi, taswira imeishinda hoja.