Kuzamisha Kichwa cha Skrubu ya Aleni

Fundi akiona kitu kinapita juu ya bamba, mathalani mkanda au kipande kinachoteleza, hujua kwamba kichwa cha skrubu hakitakiwi kujitokeza hapo. Lazima kizame ndani ya bamba. Kwa skrubu ya aleni, yaani ile yenye tundu la pembe sita kichwani, kuna njia mbili za kuzamisha. Kichwa cha duara chenye ubavu uliosimama hukalia shimo pana lenye kitako bapa. Kichwa bapa kinachopungua kuelekea chini hukalia mdomo uliochongwa kwa umbo la koni. Hesabu za njia hizi mbili hazifanani hata kidogo, ingawa skrubu zenyewe zaweza kuwa na hesi moja.

Tuchukue M8, skrubu inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya mashine, na bamba la chuma lenye unene wa mm 20 litakalofungwa juu ya kitako cha mashine.

Tuanze na kichwa cha duara, kile cha kiwango cha ISO 4762. Hapa kuna kanuni ya mdomo inayopotosha wengi: kwamba kipenyo cha kichwa ni mara moja na nusu ya hesi. Kwa M12 ni kweli, kichwa ni mm 18. Kwa M8 kanuni hiyo inatoa mm 12, ilhali kichwa ni mm 13, na kama ubavu wake una michirizi ya kushikia vidole kinaweza kufika mm 13.27. Basi pima kichwa chenyewe kwa vernia, au soma jedwali. Kimo cha kichwa ndicho chepesi kukumbuka: ni sawa na hesi, kwa hiyo M8 ina kichwa cha mm 8.

Kwa nini basi shimo la kichwa hicho hutobolewa mm 15 badala ya mm 13.5? Jibu limo kwenye tundu la chini, ambamo mwili wa skrubu unapita. Tundu la kawaida la M8 ni mm 9. Skrubu ya mm 8 ndani ya tundu la mm 9 inaweza kuegemea upande wowote kwa mm 0.5 kutoka katikati, na kichwa kinakwenda nayo. Kichwa cha mm 13.27 kikisogea mm 0.5 kila upande kinahitaji nafasi ya mm 14.27. Shimo la mm 15 linabakiza takriban mm 0.36 kila upande, na salio hilo ndilo linalomeza kosa dogo pale shimo pana linapokosa kulingana sawasawa na tundu la chini. Ukipunguza hadi mm 13.5, skrubu moja itaingia vizuri, lakini bamba lenye skrubu sita litagoma: mbili au tatu zitabana ubavuni kabla hazijashika hesi.

Kina nacho ni kimo cha kichwa pamoja na nyongeza ndogo ili kichwa kisisimame juu ya uso. Kwa M8, nyongeza ya mm 0.6 inatosha.

```
kipenyo cha shimo = 15
kina = 8 + 0.6 = 8.6
chuma kinachobaki = 20 - 8.6 = 11.4
```

Hizo mm 11.4 ndizo zinazobeba mvuto wote wa skrubu, na ndizo zinazotoa urefu wa kununua. Skrubu ya kichwa cha duara hupimwa urefu kuanzia chini ya kichwa. Ukitaka hesi mm 12 ndani ya kitako, 11.4 na 12 ni 23.4, urefu wa dukani unaofuata ni mm 25, ambao utaingia mm 13.6. Tundu la hesi lazima lizidi kina hicho, la sivyo skrubu itagonga chini kabla kichwa hakijabana. Bamba likiwa la mm 10, hesabu hiyo hiyo inabakiza mm 1.4 tu chini ya kichwa. Mimi nisingelikubali, hapo tumia skrubu ya kichwa kifupi au ya koni.

Kosa kubwa zaidi ni kutoboa shimo pana kwa biti ya kawaida ya mm 15 na kuliacha hivyo. Ncha ya biti ina pembe ya nyuzi 118, kwa hiyo kitako cha shimo huwa mteremko. Kichwa bapa kikikaa juu yake, kinagusa kwa ukingo wa nje peke yake, na karibu na tundu la mm 9 kunabaki pengo la zaidi ya mm 1. Skrubu inakaza vizuri siku hiyo, kisha ukingo unajipondaponda na mkazo unapotea. Tumia kikata chenye kitako bapa na pini ya kuongozea ya mm 9, baada ya kutoboa tundu la chini. Kagua kwa wino: paka chini ya kichwa, kaza, fungua. Pete pana ya wino kwenye kitako inaonyesha kichwa kimekaa. Mstari mwembamba wa nje unaonyesha kitako hakiko bapa. Alama ikiwa pembezoni mwa tundu, shingo ya skrubu, ambayo ina mviringo mdogo chini ya kichwa, ndiyo inayobeba. Toa makali ya tundu kidogo sana.

Sasa kichwa cha koni, cha kiwango cha ISO 10642. Pembe yake ni nyuzi 90, jambo linalorahisisha hesabu, kwani kina kinakuwa nusu ya tofauti ya vipenyo. Jedwali linatoa kipenyo cha juu cha kichwa cha M8, koni ikihesabiwa mpaka makali yake, kuwa mm 17.92. Tukitaka kichwa kizame mm 0.2 chini ya uso, kipenyo cha mdomo kinaongezeka mara mbili ya hapo.

```
kipenyo = 17.92 + 2 x 0.2 = 18.32
kina = (18.32 - 9) / 2 = 4.66
```

Usihangaike kupima kina hicho, kwa sababu ni vigumu kukishika ndani ya koni. Pima kipenyo juu ya uso kwa vernia. Kila mm 0.1 ya kina inaongeza mm 0.2 ya kipenyo, hivyo kosa la kina linaonekana maradufu. Kumbuka pia kwamba kichwa halisi huwa chembamba kuliko mm 17.92, kwani makali yake yamekatwa. Pete ya uwazi kuzunguka kichwa ni ya kawaida. Urefu wa skrubu hii hupimwa pamoja na kichwa.

Angalia pembe ya kikata kabla ya kuanza. Skrubu za inchi za Marekani zina nyuzi 82. Kikata chake kikitumika kwa kichwa cha nyuzi 90, kichwa kinagusa ukingo wa juu tu, na wino utakuonyesha.

Koni haina nafasi ya kuegemea. Inajivuta yenyewe katikati ya mdomo wake, kwa hiyo ule uwazi wa mm 9 hausaidii tena. Mashimo mawili yakikosana kwa mm 0.3, skrubu ya pili itakaa ubavu mmoja na kupindwa shingoni. Kwa bamba letu la mm 20 lenye skrubu nyingi, kichwa cha duara ndicho cha kuchagua; koni iachiwe bamba jembamba lenye mashimo yaliyotobolewa kwa usahihi.