Je, wajua? Kina cha kati ndicho huanguka kwanza katika tarbia

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kila mshororo umepasuliwa katikati. Nusu ya kwanza ni ukwapi, nusu ya pili ni utao, na kwa kawaida kila nusu ina mizani nane. Kwa hiyo kila mshororo una sehemu mbili za kutua, na kila sehemu ina kina chake. Kina cha mwisho hupata ulinzi, kwa sababu ndipo msomaji anapovuta pumzi. Kina cha kati kimejificha kwenye mkato, na mtunzi mchanga hukipita bila kukiona.

Tuseme mwanafunzi wa sekondari mjini Kasongo, Maniema kusini, amepewa kazi ya kutunga ubeti mmoja juu ya uaminifu. Anaishi kwenye nchi ya mpunga, basi anaanzia sokoni:

Kasongo tuna mchele, tunaupima sokoni,
Usipunje watu bure, kwa kidole kipimoni,
Ukimdanganya mtu, kesho harudi dukani,
Mwaminifu wa mizani, mteja hatamhama.

Hesabu mizani: kila kipande kina nane. Utao wa mishororo mitatu ya kwanza unatua vizuri kwenye *-ni*. Hata hivyo ubeti unachechemea. Shuka na ukwapi peke yake: *mchele*, *bure*, *mtu*. Kina cha kati kimeshika mshororo mmoja tu.

Kosa la *mtu* ni rahisi kuliona. Mwanafunzi ametimiza mizani (U-ki-m-da-nga-nya-m-tu), akadhani kazi imekwisha. Wengi mashariki mwa Kongo husema *mutu*, na hapo hapana hasara: *m-tu* ni mizani mbili kwa kuwa *m* hiyo husimama peke yake, na *mu-tu* ni mizani mbili vilevile. Kilichovunjika ni sauti ya kutua.

Kosa la *bure* lina siri zaidi. Kwa wasemaji wengi wa Kongo *l* na *r* hupokezana mdomoni, na *bure* husikika *bule*. Kwa sikio la mtunzi kina kimekubali. Kwa mwalimu anayesoma Kiswahili sanifu, *-re* si *-le*. Simlaumu kijana, kwa maana alisikiliza lugha ya nyumbani kwao. Lakini kazi ya shule hupimwa kwa sanifu, hivyo neno lenye *r* au *l* kwenye kina lithibitishwe kwanza kwenye kamusi.

Dawa ni kuanza na kina kilicho kigumu. *-ni* ni rahisi mno, kwa kuwa karibu jina lolote la kitu huipokea: soko huwa sokoni, duka huwa dukani. *-le* haipachikwi hivyo. Lazima neno lenyewe liwe nayo. Basi kabla ya kuandika mshororo wowote, andika pembeni maneno ya *-le* yanayohusiana na habari yako: mchele, mpole, yule, mbele, tele. Kisha jenga ukwapi juu yake, na utao utafuata:

Kasongo tuna mchele, tunaupima sokoni,
Usimpunje mpole, kwa kidole kipimoni,
Umdanganyapo yule, kesho harudi dukani,
Mwaminifu wa mizani, mteja hatamhama.

Badiliko la vina limenufaisha hata maana. *Watu* walikuwa umati usio na sura. *Mpole* ni mnunuzi mmoja asiyejua kugomba, amesimama mbele ya kipimo ambacho muuzaji ametia kidole ndani ili nafasi ijae. Mshororo wa nne haukukosea kuacha *-le*. Ni kibwagizo, na kwa mtindo unaopendwa sana ukwapi wake hupokea kina cha mwisho cha mishororo ya juu, yaani *-ni*, halafu utao hufungua kina kipya.

Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare kwa misafara ya karne ya 19. Kabambare ilikuwa kituo cha njia itokayo Ziwa Tanganyika, na Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Ng'ambo ya ziwa hilo, Ujiji, ndiko alikozaliwa Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*. Kwa hiyo mwanafunzi wa Maniema anayehesabu mizani hashiki jambo la ugenini. Sheria hizo ziliandikwa na mtu wa upande wa pili wa ziwa lilelile.

Ukimaliza ubeti wako, funika utao wote kwa kiganja na usome ukwapi kwa sauti, mshororo kwa mshororo. Ukisikia mtuo mmoja umegeuka kabla ya kibwagizo, rudi hapo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.