Kichwa, homa, na shingo hainami? Usingoje kupambazuke

Tuseme ni Jumapili usiku pale Zombe, Kitui. Wewe na rafiki yako mnaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga karibu na soko. Tangu asubuhi analalamika kichwa, na sasa mwili unachemka. Umemnunulia tembe za maumivu kwa kemisti, na jirani ameshatoa hukumu yake: "Hiyo ni malaria tu, mwache alale." Ukiwasha taa, anajifunika blanketi usoni na kukuomba uizime. Ukimwambia aketi anywe uji, anainuka akiwa mkakamavu kama ubao.

Hapo usikubali alale. Homa, kichwa kinachouma sana, shingo iliyokaza na macho yanayokataa mwanga ni dalili za homa ya uti wa mgongo, yaani meninjitisi. Utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo umevimba. Ukiinamisha kichwa mbele, utando huo unavutwa, na ndiyo maana shingo inagoma.

Utajuaje si shingo ya kulalia vibaya? Mwambie ajaribu mwenyewe kushusha kidevu hadi kiguse kifua, mdomo ukiwa umefungwa. Usimlazimishe. Aliyelala vibaya huumia zaidi akigeuza kichwa kushoto au kulia. Mwenye meninjitisi mara nyingi anaweza kugeuza, ila kuinamisha mbele ndiko kunakomshinda. Mwenye malaria au mafua anaweza kuuma mwili mzima, lakini kwa kawaida kidevu kitafika.

Lakini usisubiri dalili zote zitimie, kwa sababu si kila mgonjwa huwa nazo zote. Mtoto mchanga anaweza kukosa kabisa shingo ngumu. Kwake utaona utosi umevimba, hataki kunyonya, na analia ukimbeba. Na kwa mtu yeyote, kuchanganyikiwa, degedege, usingizi usioamshika au madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza ni sababu tosha ya kukimbia. Kwenye ngozi nyeusi, madoa hayo yatafute viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, watu hupumua na kurudi nyumbani. Lakini mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bado kinachomuua kikawa meninjitisi. Kama shingo imekaza, matokeo hayo hayatoshi kukurudisha kitandani.

Basi pelekeni mgonjwa kituo cha afya usiku huo huo. Kama anasinzia, tafuta gari. Ikiwa ni boda pekee, mtu akae nyuma yake amshike. Ukifika, sema wazi: "Ana homa na kichwa, shingo hainami, mwanga unamuumiza, ilianza saa fulani." Taja pia kila dawa aliyomeza, kwa sababu antibiotiki chache za kununua kiholela zinaweza kuficha viini kwenye vipimo bila kumponya.

Akishukiwa kuwa na aina ya bakteria, hudungwa antibiotiki kama seftriaksoni mapema, hata kabla majibu hayajatoka. Kama kituo hakina vifaa, ataelekezwa hospitali kubwa, kwa mfano ile ya rufaa mjini Kitui. Huko huenda wakachukua maji kidogo mgongoni kwa sindano. Wengi hukataa wakidhani yanaleta kupooza. Sindano hiyo huingia chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Maji ya kawaida ni meupe kama ya kunywa. Yakiwa na ukungu, daktari ana kidokezo kikubwa cha bakteria.

Kwa nini haraka yote hii? Shirika la Afya Duniani linasema takriban mtu mmoja kati ya sita wanaopata aina ya bakteria hufariki, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara ya muda mrefu. Kuziba masikio ni mojawapo, na anayechelewa anaweza kufa ndani ya saa 24.

Wala si ugonjwa wa mbali. Mwaka 1989 mlipuko wake Nairobi uliwapata takriban watu 3,800 kati ya Aprili na Novemba. Baadhi ya bakteria wake huenea kwa matone ya kikohozi na mate, kwa hivyo wanaolala chumba kimoja au bweni moja huwa hatarini zaidi.

Na hapo unaingia wewe uliyemleta. Kabla ya kuondoka, mwambie daktari mnalala chumba kimoja na mmekuwa mkinywa kwa kikombe kimoja. Ikithibitika ni aina inayoambukiza, utapewa dawa ya kinga. Imeze hata kama unajihisi fiti.