Dakika ya kwanza ya laivu

Mara ya kwanza kufundisha laivu, nilikaa dakika saba nikisema, "Tungoje kidogo wenzetu waingie." Waliokuwa wamewahi wakachoka wakaondoka, na waliochelewa hawakujua kama walikuwa wakingojewa. Kesho yake nilipoitazama rekodi, dakika saba zile bado zilikuwapo, na kila aliyeifungua ilimbidi azipitie kabla ya kusikia neno moja la maana.

Kwenye laivu watu hawaingii pamoja. Arifa humfikia mmoja sasa hivi na mwingine baada ya robo saa, na yupo anayesubiri bando. Kwa hiyo maneno ya kufungulia huandikwa mafupi, na sehemu yake hurudiwa kila baada ya muda, kama kiitikio cha wimbo. Haya ndiyo niliyoyaandika kwa somo la kutengeneza bruda ya vifaranga 50, ile ambayo wengine huiita kinengunengu:

"Karibuni. Leo tunatengeneza bruda kwa boksi na balbu. Tutaanza na joto, tuje kwenye matandiko, tumalizie na maji na chakula. Kabla sijagusa boksi, niandikie: vifaranga wako wana siku ngapi, na unawapa joto kwa umeme au mkaa? Ukiwa na swali lako, liandike sasa hivi. Nitajibu tukimaliza matandiko."

Ukiyasoma bila haraka hayafiki nusu dakika. Salamu ni neno moja, na jina langu halimo kwa sababu limeandikwa kwenye skrini. Muda wa maswali sikuutaja kwa saa. Mtazamaji wa Maskati yuko saa moja mbele ya yule wa Dar es Salaam, na atakayetazama rekodi wiki ijayo saa hiyo haimhusu. "Tukimaliza matandiko" kila mmoja analielewa, wakati wowote atakaoingia.

Nauliza mapema kwa sababu picha na sauti huchelewa njiani. Ninachosema kinaweza kumfikia mtazamaji baada ya sekunde chache, pengine nusu dakika, kutegemea jukwaa na mipangilio yake. Halafu naye aandike kwa kidole gumba, atume, ndipo nisome. Wengi huuliza "Kuna swali?" wakifika mwisho, wakingoja sekunde tano na kuaga, na maswali huingia wakiwa wameshafunga. Nikiuliza mwanzoni, majibu hunikuta bado nafanya kazi. Ndiyo maana pia baada ya kuuliza sinyamazi kungoja. Naendelea kwa kuonyesha balbu na kamba ya kuipandishia.

Swali lenyewe liwe jepesi. "Mna maswali gani kuhusu ufugaji?" huleta ukimya, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuonekana hajui. "Siku ngapi, umeme au mkaa?" hujibika kwa maneno mawili, na aliyeshaandika mara moja haoni haya kuandika tena.

Wanaochelewa nawapokea sehemu moja inapokwisha, kabla ya kuingia nyingine: "Kama ndiyo kwanza unaingia, karibu. Tunatengeneza bruda ya vifaranga, tumemaliza joto, sasa matandiko. Swali lako liandike, tunajibu baada ya hapa." Basi, naendelea. Sikatizi mkono ukiwa katikati ya kazi, wala simkaribishi kila mmoja kwa jina, kwa kuwa aliyewahi huona muda wake unaliwa. Mpango wa somo naubandika pia juu ya maoni, kwa anayetazama bila sauti. Wakianza kuandika mmoja baada ya mwingine "Leo mada ni nini?", najua nimekaa mno bila kurudia.

Siku ile ya bruda, msaidizi wangu alikuwa pembeni akinakili majibu kwenye karatasi. Nikiwa bado nafunga kamba ya balbu, alinisogezea: siku 3, mkaa, siku 5, mkaa, siku 2, mkaa, siku 10, umeme, wiki moja, mkaa, "chumba nimekiziba vizuri baridi isiingie." Mpango wangu ulikuwa umejengwa juu ya balbu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na mtu anayelala humo pia.

Niliiweka balbu chini. "Wengi wenu mnatumia mkaa, kwa hiyo nabadilisha mpango. Tunaanza na dirisha, joto litafuata." Nikaonyesha uwazi wa kuachwa juu ya ukuta, na jinsi ya kuwasha jiko nje na kuliingiza ndani moshi ukishaisha, huku nikisisitiza kwamba mkaa uliokwisha kutoa moshi bado unatoa ile hewa. Ujumbe uliofuata, kutoka kwa yule wa chumba kilichozibwa, ulisema: "Naenda kufungua sasa hivi, narudi."