Unapanga likizo bila malipo na bado una mkopo? Andika barua hii mapema

Likizo bila malipo huombwa kwa sababu nzuri. Mzazi amefanyiwa upasuaji na anahitaji mtu wa kumwangalia, kuna mtihani mkubwa wa kusomea, au mtoto ni mchanga na siku za likizo ya uzazi zimeisha. Mwajiri anakubali, unatia saini, unapanga safari. Kitu kimoja hakijajua kwamba umeenda likizo, nacho ni mkopo wako.

Kama mkopo unalipwa kwa makato ya mshahara, mwajiri hukata na kutuma benki kabla pesa hazijakufikia. Mshahara ukisimama, makato nayo husimama. Benki haioni likizo. Inaona tu kwamba tarehe imefika na pesa hazijaingia.

Hapo ndipo barua inapoingia. Unamwomba mkopeshaji asimamishe au apunguze malipo kwa miezi utakayokuwa bila mshahara. Hakuna sheria inayomlazimisha akubali, lakini ombi linalofika mapema, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuchelewesha malipo, ni rahisi kukubaliwa kuliko ombi la mtu aliyekwisha kurudi nyuma miezi miwili. Tuangalie mfano mmoja mpaka mwisho.

Mwalimu wa Nakuru

Tuseme wewe ni mwalimu wa shule ya kibinafsi mjini Nakuru. Umepewa likizo bila malipo kutoka Septemba 1 hadi Novemba 30 ili umtunze mama yako. Una mkopo wa benki: salio ni Sh180,000, riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na imebaki miezi 18. Kila mwezi unalipa Sh10,977, na tarehe ya benki ni 5.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuandika, "Naomba kusimamishiwa malipo Septemba, Oktoba na Novemba." Inaonekana sawa, lakini hesabu tarehe polepole. Mshahara wa Agosti unakatwa mwisho wa Agosti na unalipia tarehe 5 Septemba. Kwa hivyo Septemba iko sawa. Zinazokosa pesa ni Oktoba 5, Novemba 5 na Desemba 5. Mshahara wa kwanza baada ya likizo ni wa Desemba, nao utafika benki kwa malipo ya Januari 5.

Ukiomba Septemba hadi Novemba, benki itakubali miezi hiyo, kisha Desemba 5 mfumo utakutafuta na hautakupata. Kwa hivyo usitaje miezi ya likizo. Taja tarehe za malipo yenyewe.

Na ukinyamaza je? Malipo ya Oktoba 5 yatatimiza siku 90 mnamo Januari 3, siku mbili kabla ya pesa za Desemba kufika. Katika benki za Kenya, mkopo uliochelewa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo usiolipika, na kutoka hapo taarifa mbaya inaweza kupelekwa CRB. Mkopeshaji anatakiwa kukujulisha kabla ya kuituma, lakini ujumbe huo ukikupata huna mshahara, hauna la kukusaidia. Likizo ya miezi mitatu inatosha kabisa kukufikisha kwenye mstari huo.

Omba nini hasa?

Kuna njia tatu, na gharama zake hazilingani.

Ya kwanza ni kusimamisha malipo yote mara tatu, halafu muda wa mkopo uongezwe miezi mitatu. Kumbuka riba haiendi likizo. Kila mwezi inaongezwa kwenye salio, na kufikia mwisho Sh180,000 zimekuwa Sh185,454. Ukirudi utalipa karibu Sh11,309 kwa miezi 18. Jumla, likizo hii ya mkopo imekugharimu karibu Sh6,000.

Ya pili ni kusimamisha malipo yote lakini tarehe ya mwisho ya mkopo ibaki ile ile. Sasa salio la Sh185,454 linagawanywa kwa miezi 15, na malipo yanaruka hadi karibu Sh13,376. Hapa kuna mtego mwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa jumla yasipite thuluthi mbili za mshahara. Kama tayari unakatwa ushuru, bima ya afya na mkopo mwingine, ofisi ya mishahara inaweza kukataa kukata kiasi hicho kipya. Utarudi kazini na bado mkopo hauendi.

Ya tatu ni kulipa riba pekee wakati wa likizo. Kwa mwalimu wetu ni Sh1,800 kwa mwezi, jumla Sh5,400. Salio linabaki Sh180,000, na ukirudi unaendelea na Sh10,977 zako kwa miezi 18. Kama una biashara ndogo, hata ya mayai, inayoweza kutoa Sh1,800 kwa mwezi, njia hii ni bora. Ni nafuu kidogo kuliko ya kwanza, na pia mkopeshaji anaona pesa zikiingia kila mwezi, jambo linalomfanya akubali kwa urahisi zaidi.

Benki nyingine hutoza ada ya kubadilisha mkataba. Uliza kabla ya kutia saini, na uliza pia kama bima ya mkopo itaendelea.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Anayeisoma anatafuta vitu vitano: mkopo gani, tarehe gani, kwa nini, unaomba nini, na utarudi kulipa lini. Hadithi ndefu ya ugonjwa haihitajiki. Hii hapa ya mwalimu wetu:

> Julai 20
>
> Kwa Meneja wa Mikopo,
>
> KUH: OMBI LA KULIPA RIBA PEKEE KWA MALIPO MATATU, AKAUNTI YA MKOPO NAMBARI ............
>
> Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo uliotajwa hapo juu, unaolipwa kwa makato ya mshahara. Hadi leo sina malipo yoyote yaliyochelewa.
>
> Mwajiri wangu amenipa likizo bila malipo kuanzia Septemba 1 hadi Novemba 30 kwa sababu za kifamilia. Kazi yangu inaendelea na nitarudi Desemba 1. Mshahara wa Agosti utakatwa kama kawaida na kulipia tarehe 5 Septemba.
>
> Naomba malipo ya tarehe 5 Oktoba, 5 Novemba na 5 Desemba yawe ya riba pekee, na muda wa mkopo uongezwe kwa miezi mitatu. Riba hiyo nitailipa mwenyewe kwa Paybill yenu, kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Makato ya mshahara yataanza tena na mshahara wa Desemba, kwa malipo ya tarehe 5 Januari.
>
> Naomba mnijibu kwa maandishi kabla ya Agosti 15, mkionyesha ratiba mpya ya malipo, ada yoyote itakayotozwa, na kwamba mkopo hautahesabiwa kuwa umechelewa katika kipindi hicho.
>
> Nimeambatanisha barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita na nakala ya kitambulisho.
>
> Wako mwaminifu,
>
> (Jina, saini, nambari ya simu)

Angalia maneno "kazi yangu inaendelea". Mkopeshaji akisikia likizo bila malipo, hofu yake ya kwanza ni kwamba umeachishwa kazi na unaficha. Ndiyo maana barua ya mwajiri lazima iwe na tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Kama ina tarehe ya kuondoka tu, irudishe irekebishwe kabla hujaituma.

Angalia pia tarehe ya juu. Julai 20 ni wiki sita kabla ya likizo. Kama benki itakataa, bado una mshahara wa Julai na wa Agosti wa kuweka kando.

Baada ya kutuma

Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili na uhakikishe yako imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiituma kwa barua pepe, hifadhi jibu linaloonyesha imefika.

Halafu, na hili ni muhimu kuliko yote, usiichukulie barua kuwa ndiyo ruhusa. Mpaka upate jibu la maandishi, unadaiwa kama kawaida. Afisa akikuambia kwa simu "hiyo tumeshaimaliza", mshukuru, kisha mwombe akutumie ratiba mpya. Ratiba ikifika, itafute tarehe ya Oktoba 5. Kama bado imeandikwa Sh10,977, hakuna kilichobadilika kwenye mfumo, hata kama barua ya kukubaliwa ni nzuri kiasi gani.

Wakati wa likizo, lipa riba siku mbili tatu kabla ya tarehe. Kwenye Paybill, sehemu ya akaunti weka nambari ya mkopo na si ya akaunti ya akiba. Pesa zikiingia kwenye akiba zinaweza kukaa hapo huku mkopo ukihesabiwa haujalipwa. Hifadhi kila ujumbe wa kuthibitisha malipo, maana ndio risiti yako.

Tahadhari moja: mtu akikupigia akisema likizo ya mkopo imekubaliwa ila utume "ada ya kuidhinisha" kwa nambari yake ya simu, kata simu. Ada halali hulipwa kwenye akaunti ya taasisi au huongezwa kwenye mkopo. Na hakuna anayehitaji PIN yako kubadilisha ratiba.

Wiki ya kwanza ya Desemba, kabla ofisi haijafunga orodha ya mishahara, nenda uulize kama makato yamerudishwa. Mara nyingi yaliondolewa kwa mkono na yanangoja mtu ayarudishe kwa mkono. Yakisahaulika, mshahara utakuja mzima, utafurahia Krismasi, na Januari 5 itapita bila pesa kuingia.

Kama mkopo ni wa Sacco au wa simu

Kwa Sacco, barua ni ile ile, lakini zungumza na wadhamini wako kabla ya kuituma. Mkopo ukikwama ni akiba zao zinazoguswa, na ni heri wasikie kutoka kwako.

Mikopo midogo ya simu ya siku 30 ni habari nyingine. Muda wake ni mfupi na kwa kawaida hauna nafasi ya kusimamisha malipo. Imalize kwa mshahara wa mwisho kabla ya likizo, na usichukue mwingine ili kulipa riba ya benki.