Vekta: Mtumbwi na Mkondo

Atembeaye meta 300 mashariki, kisha 400 kaskazini, miguu yake imekwenda meta 700, lakini yu meta 500 tu kutoka alikoanzia. Vekta hujumlishwa pamoja na mielekeo yake.

Tuseme Rufiji mahali fulani ina upana wa meta 120, na mkondo wa meta 0.9 kwa sekunde. Mtumbwi huenda 1.5. Ukielekezwa ng'ambo moja kwa moja, huvuka kwa sekunde 80, kana kwamba mkondo haupo, ila hutua meta 72 chini ya bandari. Mvushaji stadi huinamisha omo juu ya mto, hata 0.9 ya mwendo wake iufute mkondo. Hubaki 1.2, kwani 1.5² = 0.9² + 1.2², atavuka kwa sekunde 100. Mkondo ukifikia 1.5, hakuna pembe itakayomfikisha bandarini.